Mama anakatwa salio kila siku na namba fupi: yanakotoka makato na jinsi ya kuyafunga

*“Mama yangu anaishi Tukuyu, anatumia kitochi. Jumamosi namrushia salio la 1,000. Jumapili asubuhi anakuta 700 na hajapiga simu wala kutuma SMS. Jumatatu 400, Jumanne 100, Jumatano sifuri. Simu imejaa meseji za namba fupi, moja ya soka na nyingine ya maneno ya mapenzi, na mama hana habari na soka. Jumatano moja nilitoka Mbeya kwenda kumwona, nikazibloku zile namba na tukatuma neno STOP. Kukawa kimya siku mbili tatu, halafu makato yakarudi. Nimembadilishia hata simu. Nifanye nini yaishe kabisa?”*

Ndugu yangu, umefanya jambo la maana sana kuandika salio siku kwa siku, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo kwenye hizo namba. Kuanzia Jumapili hadi Jumanne salio linapungua 300 kila siku, halizidi wala halipungui hapo, na meseji ni za aina mbili. Hizo ni huduma mbili za kulipia ambazo namba ya mama imeandikishwa, na inaelekea kila moja inakata 150 kwa siku. Ingekuwa deni la salio la kukopa, kama Nipige Tafu ya Vodacom na huduma za namna hiyo kwenye mitandao mingine, lingechukuliwa pale pale vocha inapoingia, na elfu yako ingefika ikiwa pungufu. Ingekuwa intaneti inayokula salio baada ya kifurushi kuisha, kiasi kingeruka ruka, leo 80 na kesho 420. Kiasi kilekile kila siku, tena bila simu kuguswa, ni alama ya huduma ya kujiunga.

Sasa tazama Jumatano. Salio lilikuwa 100, pungufu ya bei ya huduma hata moja, na bado likaisha. Mifumo mingi ya makato imepangwa hivyo: ikikosa kiasi kamili inajaribu kiasi kidogo zaidi, na ikikosa kabisa inarudi kujaribu baadaye, saa chache au siku inayofuata. Ndiyo maana watu wengi husema salio “linayeyuka” mara tu wanapoweka vocha. Mfumo unakuwa umejaribu mara nyingi bila kupata kitu, na salio likiingia tu, jaribio linalofuata linafanikiwa.

Hapo ndipo kilipo kisa cha ule ukimya wa siku mbili tatu. Mlituma STOP Jumatano, siku ambayo salio lilikuwa limefika sifuri. Kutoka Jumatano hadi Jumamosi hapakuwa na cha kukatwa, kwa hiyo hapakuwa na makato, na huduma nyingi zikishindwa kukata hazitumi meseji. Mkaona kimya mkadhani dawa imefanya kazi. Jumamosi uliporusha elfu nyingine, kila kitu kikaendelea pale kilipoishia. Inawezekana hata ile STOP haikutoka kwenye simu. Kwenye baadhi ya namba fupi ujumbe wa kujitoa unatozwa kama SMS ya kawaida, na SMS za kifurushi mara nyingi hazihesabiki kwenye namba fupi. Salio likiwa sifuri, ujumbe unakwama na mtu hajui.

Kuhusu kubloku, watu wengi hufikiri kama wewe, kwa hiyo nieleze polepole. Huduma hizi huendeshwa na kampuni za maudhui ambazo zimeingia mkataba na mtandao wa simu na kupewa namba fupi, ambayo hapa kwetu kwa kawaida ina tarakimu tano na nyingi zinaanza na 15. Kampuni inakuwa na orodha ya namba zilizojiunga. Kila siku mfumo wake unapeleka ombi la kukata kwa kila namba iliyo kwenye orodha, mtandao unakata salio la mteja, halafu mapato yanagawanywa kati ya mtandao na kampuni. Kazi hiyo yote inafanyika kwenye mitambo ya mtandao. Simu ya mama haiulizwi chochote. Hata ikiwa imezimwa na iko kabatini, salio linaweza kukatwa.

Kwa hiyo ulipobloku ulizuia meseji zisionekane tu. Ulipobadilisha simu, laini ilihamia kwenye simu mpya ikiwa na namba ileile, na namba ndiyo iliyoandikishwa. Ukienda kurenyu laini itakuwa vilevile, kwa sababu namba haijabadilika. Naomba uziondoe zile bloku kwa sasa. Meseji hizo ndizo zinazotaja jina la huduma, namba fupi inakotoka, na mara nyingi neno la kujitoa. Ukizificha unabaki na makato bila ushahidi.

Twende kwenye kuzitoa. Rusha salio kidogo, hata 500, na uwe na mama siku hiyo au uwe na mtu wa kumsaidia, maana kazi hii inafanyika kwenye simu yake. Fungueni meseji ya kila huduma na muisome hadi mwisho. Tafuteni sentensi kama “kujitoa tuma ONDOA SOKA kwenda” na namba inayofuata. Tumeni maneno yale yale yaliyoandikwa, kwa nafasi ile ile kati ya neno na neno, kwenda namba ile ile. Namba fupi moja inaweza kubeba huduma nyingi, za soka, za mapenzi, za dini na za nyota, kila moja na neno lake. Ukituma STOP tupu, mfumo unaweza kutoa huduma moja na kuiacha nyingine, au ukajibu kwamba neno si sahihi. Nyinyi mna huduma mbili, kwa hiyo mnahitaji jumbe mbili na majibu mawili yanayosema umejitoa. Bila jibu, hesabu kwamba huduma bado ipo.

Kuna meseji ambazo juu hazionyeshi namba, zinaonyesha jina tu. Hizo huwezi kuzijibu, ukijaribu simu itagoma kutuma. Kwa hizo, na kwa zile zisizoleta jibu, njia ni huduma kwa wateja.

Kwa kweli mimi ningepiga 100 hata kama jumbe zote mbili zimejibiwa. Namba hiyo ni ya huduma kwa wateja kwenye mitandao yetu mikubwa. Mhudumu anaona kwenye kompyuta yake kitu ambacho wewe na mama hamwezi kukiona kwenye kitochi, yaani orodha ya huduma zote zilizo hai kwenye ile namba, pamoja na ambazo hazitumi meseji kabisa. Mlio wa wimbo anaousikia anayekupigia ni mfano mzuri: mteja mwenyewe hausikii, haletewi meseji kila siku, lakini analipia.

Pigeni kwa laini ya mama, na mama mwenyewe aongee kwanza, kwa sababu laini imesajiliwa kwa alama zake za vidole na mhudumu atataka kuhakikisha anaongea na mwenye laini. Mama akishasalimia na kujitaja, anaweza kuomba mwanawe aendelee. Mazungumzo yakienda vizuri huwa hivi:

“Shikamoo mama, nikusaidie nini?”

“Marahaba mwanangu. Nakatwa salio kila siku na sijajiunga na chochote. Nisomee huduma zote zilizopo kwenye namba yangu.”

“Naona mbili, mama. Ya soka na ya jumbe za mapenzi.”

“Zilianza lini, na nilijiungaje?”

Msiliache hilo swali la mwisho. Kumbukumbu za kujiunga huonyesha tarehe na njia iliyotumika: kwa SMS, kwa menyu ya nyota na reli, kwa tangazo lililotokea kwenye kioo, au kupitia intaneti. Jibu hilo litakusaidia kuziba mlango baadaye, na ndilo linaloamua kama mna hoja ya kudai fedha zirudi. Baada ya hapo ombeni zote ziondolewe, mngoje SMS ya uthibitisho kabla ya kukata simu, na mchukue namba ya lalamiko. Iandikeni kwenye daftari pamoja na tarehe na saa.

Ombi la pili kwenye simu hiyo hiyo ndilo linalojibu swali lako la “yaishe kabisa”. Kuondolewa kwenye orodha leo hakuzuii kuandikishwa tena kesho. Mwambieni mhudumu kwamba mnataka namba hiyo ifungiwe isikubali huduma yoyote ya kulipia ya namba fupi. Mitandao haifanani kwenye hili: upo utakaofunga papo hapo na upo utakaotaka uende dukani. Angalia namna unavyoliomba. Ukisema “zuieni meseji zote za namba fupi”, unaweza kujikuta umezuia na taarifa za benki au namba za siri za mara moja. Sema hivi: “Zuieni makato ya huduma za nje kwenye salio langu, meseji za benki na za fedha ziendelee kuja.” Mkipewa kifungo hicho, mama hataweza kupiga kura ya kulipia kwenye mashindano wala kujiunga na huduma ya bei za mazao. Nadhani kwake hiyo si hasara. Kwa mkulima wa viazi Uyole au Makete ambaye kweli anasoma bei kila asubuhi na anaona thamani yake, ningemshauri aitoe moja moja ile asiyoitaka na kuiacha hiyo.

Sasa tuulize mama aliingiaje, maana umesema hana habari na soka, na hujaniambia kama aliwahi kujiunga mwenyewe. Naamini hakujiunga kwa kujua. Kwenye kitochi njia ya kawaida ni tangazo linalojitokeza lenyewe juu ya kioo, bila kukaa kwenye kisanduku cha meseji. Linaleta mstari mmoja au miwili, na chini yake kuna SAWA upande wa kushoto na GHAIRI au RUDI upande wa kulia. Mtu aliyetoka kuchuma chai na vidole vina baridi, anatoa simu mfukoni aangalie saa, anakuta maandishi yamefunika kioo. Anabonyeza kitufe cha kushoto ili yaondoke. Kwenye baadhi ya matangazo SAWA hiyo ndiyo ridhaa, na kwenye mengine inafungua menyu ambayo bonyezo la pili linakamilisha kujiunga. Simu isiyofungwa vitufe inaweza hata kujibonyeza yenyewe ndani ya mfuko wa koti.

Mfundishe mama kitu kimoja tu: maandishi asiyoyaita yakitokea, abonyeze kitufe chekundu cha kukata simu. Hicho kinayaondoa bila kukubali. Halafu washa kufuli ya vitufe ili simu ijifunge yenyewe ikikaa muda mfupi. Kwenye vitochi vingi vyenye menyu ya laini, ile inayobeba jina la mtandao, kuna pia sehemu ya kuzima matangazo hayo. Ukiikuta, izime.

Kwa kuwa wewe uko mjini na bila shaka una simu janja, niseme kidogo na kuhusu hiyo, kwa sababu mlango wake ni tofauti. Ukiwa unatumia intaneti ya laini, mtandao unaweza kuipa tovuti ya huduma namba yako moja kwa moja, hivyo kubonyeza kitufe kikubwa cha “Endelea” au “Pakua” kwenye tangazo kunaweza kutosha kukuandikisha bila kuandika namba. Zipo pia programu, hasa zinazopakuliwa nje ya Play Store, zinazoomba ruhusa ya kusoma na kutuma SMS halafu zinajiandikisha kwa niaba yako. Kwenye Android fungua mipangilio, ingia kwenye “Apps”, halafu “Special app access”, kisha “Premium SMS access”, na hakikisha hakuna programu iliyoruhusiwa kutuma kila wakati. Programu ya tochi au ya picha za ukutani haina sababu ya kusoma SMS zako.

Wakati mnashughulikia haya, salio la mama lisiendelee kuliwa. Badala ya kumrushia vocha, mnunulie kifurushi cha dakika moja kwa moja kutoka M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, kwa kuchagua kununua kwa namba nyingine. Makato ya huduma hizi yanachukuliwa kwenye salio kuu na hayagusi dakika za kifurushi. Salio kuu likiwa sifuri, hakuna cha kukatwa. Lakini usiifanye hii kuwa suluhisho la kudumu. Huduma zinabaki hai kwenye orodha, na siku ndugu mwingine atakapomrushia vocha ya 2,000, zitaamka. Isitoshe, kifurushi kikimwishia usiku, hatakuwa na salio la kumpigia ndugu kukiwa na dharura.

Baada ya kutoa na kufunga, fanya kipimo ambacho mara ya kwanza hakikuwezekana. Rusha 1,000 kwenye salio kuu, mwambie mama asipige kwa salio hilo, atumie kifurushi. Kila asubuhi apige

```
*102#
```

asome kiasi kilichopo na akuambie, wewe uandike. Endelea siku saba, ili hata huduma inayokata kwa wiki ijitokeze. Elfu ikibaki elfu hadi siku ya saba, imekwisha. Ikipungua kwa 150, moja imebaki au imerudi, na sasa una tarehe ya kumpa mhudumu.

Itokee zaidi ya hapo, yaani huduma imethibitishwa kutolewa na baada ya siku chache inajitokeza mpya ambayo mama hajaigusa, shuku simu yenyewe. Kuna simu za bei nafuu, vitochi na simu janja pia, ambazo ziligunduliwa zikitoka kiwandani zikiwa na programu ya siri inayotuma SMS za kujiunga. Hamisha laini kwenye simu nyingine mnayoiamini kwa wiki mbili. Huduma mpya zikikoma kuingia, kosa ni la simu, na kuifuta upya mara nyingi hakusaidii kwa sababu programu imo kwenye mfumo wake. Kwa mama yako sidhani kama ni hilo, kwa kuwa huduma ni zile zile mbili kabla na baada ya kubadilisha simu.

Kuhusu kurudishiwa fedha, dai, lakini usitegemee sana. Kumbukumbu zikionyesha bonyezo la SAWA, mtandao utasema aliridhia. Zikikosa kuonyesha njia ya kujiunga, au zikionyesha makato baada ya tarehe mliyotumiwa uthibitisho wa kujitoa, hoja yako ina nguvu, na madai ya namna hiyo yana nafasi nzuri ya kurudishwa kama salio. Daftari lako la Jumamosi hadi Jumatano ni ushahidi, usilitupe.

Kama simu ya 100 haikumaliza, mpeleke mama kwenye duka rasmi la mtandao wake akiwa na namba ya NIDA na ile namba ya lalamiko. Usiende kwa kijana wa mwamvuli stendi anayesema ana menyu ya kutoa huduma zote. Wapo waaminifu, lakini akiishika simu na kuuliza namba ya siri ya pesa, mchukue mama muondoke. Hakuna huduma ya namba fupi inayohitaji namba ya siri ili itolewe. Vilevile akipigiwa na mtu anayejiita huduma kwa wateja kwa namba ya kawaida, akataka kumsaidia kuondoa makato, akate. Mitandao huwapigia wateja wake kwa namba 100.

Watu wengi pia huzipeleka meseji hizi 15040 wakidhani zitafungwa. Namba hiyo ni ya kuripoti meseji na namba za matapeli, kama zile za “ile hela tuma kwenye namba hii”. Huduma iliyosajiliwa na yenye mkataba na mtandao haiondolewi huko.

Mtandao ukishindwa kabisa, au ukikujibu kwa maneno bila kuondoa makato, hapo ndipo TCRA inapoingia. Mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapo hapo Mbeya mjini, kwa hiyo unaweza kwenda wewe kwa niaba ya mama ukiwa na barua fupi aliyoisaini. Watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma na alijibu nini, kwa sababu huo ndio utaratibu. Chukua namba ya lalamiko na tarehe zake, picha za meseji za soka na za mapenzi zikionyesha namba fupi na saa zilipoingia, SMS ya uthibitisho wa kujitoa kama mliipata, na zile siku saba za salio ulizoandika.